Ukucha wa Mchora Hina

Kituo cha afya alichofanyia kazi Herieth Mbwambo kiko Chang'ombe, nyuma ya barabara ya viwandani, na wagonjwa wake wengi ni watu wa kazi za mikono: wapakuaji wa mizigo kutoka Kurasini, waosha chupa, wasusi, mafundi wanaoshinda ndani ya mabuti ya mpira. Watu ambao vidole vyao vina maji au jasho kutwa nzima. Fangasi za ngozi na kucha zilikuwa jambo la kawaida pale kama mafua, na kwa miaka sita mtu aliyewakwangua wagonjwa hao kuchukua sampuli alikuwa yeye.

Kazi hiyo alifundishwa na Mzee Mwinshehe, mkuu wa maabara.

Herieth alifika kutoka Same akiwa na stashahada mpya na koti jeupe moja ambalo alilifua kila jioni. Chuoni alikuwa amesoma habari za fangasi kwenye vitabu, akaona picha, akafaulu mtihani. Wiki ya kwanza kazini aliletwa mpakuaji mmoja mwenye duara jekundu kwenye mkono, na Herieth akashika kisu kuanza kukwangua katikati ya duara. Mzee Mwinshehe alimshika kiwiko taratibu.

"Hapo katikati pameshaanza kupona," alimwambia. "Fangasi inakula ikienda nje, ndiyo maana duara linapanuka. Kwangua ukingoni, pale penye magamba."

Akamwonyesha kila hatua. Kwanza kufuta ngozi kwa spiriti ili mafuta na vumbi viondoke. Kisha kukwangua magamba yadondokee kwenye karatasi nyeusi, ambako yanaonekana vizuri, na kuyamwaga kidogo juu ya slaidi. Tone moja la potasiamu haidroksaidi ya asilimia kumi, ile ambayo watu wote wa maabara huiita keioechi, halafu kioo chembamba cha kufunikia. Slaidi ikapitishwa juu ya moto wa taa ya spiriti, kidogo tu.

"Isichemke. Ikichemka inakauka, utaishia kutazama fuwele. Sasa subiri robo saa."

"Inafanya nini humo ndani, Mzee?"

"Inayeyusha ngozi. Hiyo dawa ikikudondokea kidoleni itakuunguza, ndiyo maana nakwambia vaa glavu. Magamba yote yanalainika, yanakuwa kama kioo. Lakini ganda la fangasi ni gumu, haliyeyuki upesi. Kinachobaki ndicho unachokitafuta."

Baada ya robo saa Herieth aliinama kwenye hadubini. Aliona mistari mingi, akasema ameipata. Mzee Mwinshehe akatazama, akatabasamu.

"Hiyo ni mipaka ya seli. Angalia, inazunguka kila seli kama ukuta wa nyumba. Uzi wa fangasi haufuati ukuta, unakatiza katikati ya nyumba za watu. Punguza mwanga. Mwanga ukizidi, uzi unapotea."

Herieth akashusha kondensa, ile lenzi ya chini inayokusanya mwanga, akapunguza mwanga, akasogeza slaidi polepole. Uzi ukajitokeza. Ulikuwa mwembamba, unang'aa kwa mbali rangi ya kijani, wenye vifundo kama vya mua, na mbele uligawanyika matawi mawili. Alibadilisha lenzi, akaweka ile ya kukuza mara arobaini, akauona vizuri zaidi.  Mzee Mwinshehe alimwacha atazame hadi aliporidhika mwenyewe.

Tangu siku ile alimwita mwanangu, na Herieth hakuwa na sababu ya kuona kwamba neno hilo lilikuwa la adabu tu. Utawala ulipotaka kupunguza watu wa maabara, Mzee Mwinshehe ndiye aliyekwenda kusema kwamba huyu binti abaki. Baba yake Herieth alipofariki, mzee alipanda basi hadi Same, Mwislamu wa Kilosa kati ya Wapare wa kanisani, akakaa msibani siku mbili. Mama yake Herieth alimsifia kwa muda mrefu. Akipiga simu, kabla hajauliza habari za mjini, aliuliza hali ya yule mzee wa kazini.

Miaka minne walikwangua pamoja na kusoma pamoja. Kisha wagonjwa wakaongezeka na kazi ikagawanywa. Herieth alihamia chumba cha mbele kuchukua damu na sampuli zote, na Mzee Mwinshehe akabaki chumba cha ndani na hadubini.

"Mikono yako mizuri kwa wagonjwa," alimwambia. "Mie niachie macho."

Utaratibu wao ulikuwa hivi. Herieth akishakwangua, alikunja magamba ndani ya kikaratasi cheusi, akakiziba kwa utepe, akaandika tarehe na namba ya mgonjwa, na juu ya utepe akaweka herufi zake mbili, HM, nusu kwenye utepe na nusu kwenye karatasi. Sampuli kavu ndani ya karatasi haiozi, inaweza kukaa wiki, hata miezi. Jioni aliviacha vikaratasi vya siku hiyo kwenye trei nje ya mlango wa chumba cha ndani, Mzee Mwinshehe avisome. Vya ngozi na nywele vilisomwa kesho yake asubuhi. Vya kucha vilichukua siku zaidi, kwa sababu ukucha ni mgumu na unahitaji keioechi kali zaidi na kulowekwa usiku kucha ndipo ulainike. Baadaye matokeo yaliandikwa kwenye fomu, na chini yake majina mawili: aliyechukua sampuli, na aliyesoma.

Najat alikuja mwezi wa tatu. Alikuwa mchora hina wa Mbagala, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, maarufu kwa maharusi kuanzia Rangi Tatu hadi Mtoni. Alikaa kitini, akavua glavu nyeupe za kitambaa, akaweka mkono wa kulia juu ya meza. Ukucha wa kidole gumba na wa shahada ulikuwa umenenepa, rangi ya samli iliyokaa, na chini yake mlikuwa na unga unga.

"Shikamoo dada," Herieth alimwamkia.

"Marahaba mdogo wangu. Niangalie vizuri, maana mie kazi yangu ni huu mkono. Bibi harusi ananipa kiganja chake nikichore, macho yake yapo kwenye kucha zangu. Wiki iliyopita mmoja kauvuta mkono wake, kasema atasubiri mwingine."

Herieth alimsafisha kwa spiriti, akakata ncha ya ukucha uliooza na kuitupa, kisha kwa kisu butu akachukua ule unga wa chini, akiingia taratibu hadi karibu na sehemu ambapo ukucha ulikuwa bado mzima. Huko ndiko fangasi hai hupatikana. Alipata unga wa kutosha. Akaukunja, akaziba, akaandika HM.

Matokeo yalirudi: hakuna fangasi iliyoonekana.

Daktari aliyemhudumia Najat siku hiyo alisoma fomu, akafikiri kwamba kama si fangasi basi ni ugonjwa wa ngozi wa aina nyingine unaoingia kwenye kucha, akampa mafuta ya kupaka ya kupunguza uvimbe. Najat alipaka wiki sita. Ukucha wa tatu ukaanza kubadilika rangi. Alirudi mwezi wa tano, akakwanguliwa tena. Hakuna fangasi iliyoonekana.

Katika miezi hiyo Daktari Apolonia, mganga mfawidhi wa kituo, alikuwa amegundua jambo. Aliliweka mezani kwenye kikao cha asubuhi, bila kuinua sauti.

"Tangu mwezi wa pili maabara haijatuletea jibu hata moja lenye fangasi. Hata moja. Watoto wenye mapunye ambayo mie mwenyewe nayaona kwa macho, jibu linarudi hakuna. Kipimo kinaweza kukosa mara moja moja, hilo tunalijua sote. Lakini kila mara?"

Watu wote wakamtazama Mzee Mwinshehe. Alikohoa kidogo, akashika kalamu yake.

"Daktari, mie nasoma ninacholetewa. Sampuli zinazonifikia ni haba. Magamba mawili matatu, nywele zimekatwa juu badala ya kung'olewa na shina. Kucha zinachukuliwa juu juu. Nimemweleza Herieth mara kadhaa."

Hakuwa amemweleza hata mara moja. Herieth alikaa mstari wa pili, kati ya muuguzi wa chanjo na mhudumu wa mapokezi. Alimtazama mzee akitegemea kwamba atageuka, labda amkonyeze kwamba wataongea baadaye. Mzee hakugeuka. Daktari Apolonia aliandika kitu kwenye daftari lake, akasema Herieth apewe barua ya kukumbushwa taratibu za kuchukua sampuli.

Herieth alimfuata mzee chumba cha ndani baada ya kikao.

"Mzee, ulisema umenieleza."

"Mwanangu, nilitakiwa kusema nini mbele za watu? Nimesema ili ujirekebishe. Ongeza kidogo. Ingia ndani zaidi."

Na Herieth alimwamini. Hapo ndipo penye uchungu wa habari yote, kama alivyoeleza mwenyewe baadaye. Hakumtilia shaka mzee, alijitilia shaka yeye. Alirudi nyumbani kwake Kizuiani akajikwangua kisigino ili aone mkono wake unasukuma kwa nguvu gani. Alisoma upya madaftari ya chuo. Kazini alianza kuingia ndani zaidi, akiwakwangua watu hadi ngozi ikawa nyekundu. Mtoto mmoja wa miaka mitano aling'olewa nywele nyingi kuliko ilivyohitajika, na mama wa mtoto akamtazama kwa namna ambayo Herieth hakuisahau. Watu wa mapokezi wakaanza kuwaambia wagonjwa kwa kunong'ona kwamba dada wa maabara ana mkono mzito.

Najat alirudi mara ya tatu mwezi wa saba. Safari hii hakuleta maneno mengi. Alivua glavu, akaweka mkono mezani. Kucha nne.

"Fanya unavyojua," alisema.

Herieth alishika kisu akiwa na sauti ya mzee kichwani, ingia ndani zaidi. Akaingia. Najat alivuta pumzi kwa meno lakini hakuutoa mkono. Herieth aliendelea kidogo tena, na damu ikatoka chini ya ukucha wa kidole gumba, ikachuruzika hadi kwenye karatasi nyeusi.

"Samahani dada. Samahani sana."

"Umepata?" Najat aliuliza.

"Nimepata."

"Basi."

Alifungwa bandeji akaondoka. Baada ya siku tatu matokeo yakatoka, hakuna fangasi iliyoonekana, na Herieth akaenda chooni akalia kwa sababu hakuelewa tena mkono wake una kasoro gani.

Wiki mbili baadaye Mzee Mwinshehe alikwenda Kilosa kwenye msiba wa shemeji yake, na Herieth akabaki na maabara nzima. Siku ya pili vile vioo vyembamba vya kufunikia slaidi vilimwishia. Alijua mzee huweka boksi la akiba kwenye droo yake ya chini, na ufunguo ulikuwa unaning'inia palepale ukutani. Akafungua. Boksi la vioo lilikuwepo. Nyuma yake palikuwa na kopo kubwa la biskuti.

Alilitoa kopo ili afikie boksi. Lilikuwa jepesi, na ndani yake kitu kilisogea kama majani makavu. Akafungua kifuniko.

Vilikuwa vikaratasi vyeusi. Alijua mara moja ni vyake, kwa mikunjo. Mwanzoni alifikiri mzee anahifadhi mabaki ya sampuli baada ya kusoma, jambo ambalo si baya. Akachukua kimoja, akakigeuza. Utepe ulikuwa mzima. Herufi zake mbili, HM, zilikuwa nusu juu ya utepe na nusu juu ya karatasi, hazijakatika, hazijapishana hata upana wa unywele. Akachukua cha pili. Cha tatu. Alivipanga vyote mezani kwa tarehe. Vilikuwa ishirini na vitatu, vya miezi mitatu ya mwisho, na hakuna hata kimoja kilichofunguliwa.

Alichukua daftari la matokeo, akalinganisha namba. Kila namba ilikuwa na jibu lake, kwa mwandiko wa mzee, ule mwandiko mzuri wa kulala upande mmoja. Hakuna fangasi iliyoonekana. Kikaratasi cha mwisho kwenye mstari kilikuwa na doa la kahawia kwenye pembe. Damu ya Najat.

Herieth alikaa kwenye kiti cha mzee. Hakulia safari hii. Alisema alijisikia kama mtu aliyekuwa anaumwa jino miezi yote, halafu akaambiwa jino ni zima, kilichokuwa kinamuuma ni kidole cha mtu mwingine kilichokuwa kinalibonyeza.

Angeweza kufungua vile vikaratasi palepale akasoma mwenyewe. Mkono ulimwasha kufanya hivyo. Lakini alijua utepe ukishakatwa hakutakuwa na cha kuonyesha, itabaki neno lake na neno la mkuu wake. Akavirudisha kwenye kopo, akalibeba hadi ofisini kwa Daktari Apolonia, akaliweka juu ya meza.

Daktari aliangalia kikaratasi kimoja kimoja. Alichukua muda mrefu.

"Hukufungua hata kimoja?"

"Hapana, Daktari."

"Umefanya vyema. Kaa chini kwanza."

Daktari Apolonia hakutaka Herieth asome sampuli zake mwenyewe, wala hakutaka kumsubiri mzee. Alimwita Erasmus, mtu wa maabara wa hospitali nyingine aliyesoma naye zamani. Namba zikafunikwa ili asijue kikaratasi kipi ni cha nani. Tepe zikakatwa mbele ya watu watatu. Magamba ya ngozi na nywele yaliwekewa keioechi na kusomwa siku ileile. Unga wa kucha ulilowekwa kwa keioechi kali kwenye kisahani chenye kitambaa chenye maji ili usikauke, ukasomwa kesho yake.

Erasmus alisoma kimya, akipita kila slaidi kuanzia pembe hadi pembe, kwanza lenzi ndogo kisha kubwa. Alipopata kitu alisogea pembeni Daktari Apolonia naye atazame. Katika nywele tatu za watoto, mbili zilikuwa zimejaa vijimbegu ndani ya unywele wenyewe, kama gunia la ulezi. Katika ngozi tisa, tano zilikuwa na nyuzi. Kucha zilikuwa kumi na moja. Saba zilikuwa na nyuzi.

Aliposoma ile yenye doa la kahawia alikaa kidogo zaidi.

"Hii imechukuliwa vizuri sana," alisema. "Imetoka penyewe hasa. Nyuzi zimejaa hata mtu asiye na uzoefu angeziona. Nani aliikwangua?"

 Daktari Apolonia akamwonyesha Herieth kwa kidole, na Herieth akatazama sakafu.

Jumla kumi na nne kati ya ishirini na tatu. Kumi na nne walioambiwa hawana.

Mzee Mwinshehe alirudi Jumatatu. Aliitwa ofisini, akakaa huko saa moja na nusu. Alipotoka alikuja moja kwa moja chumba cha mbele, akafunga mlango, akabaki amesimama.

"Shikamoo Mzee," Herieth alisema. Ilimtoka kwa mazoea.

"Marahaba. Ungenisubiri, mwanangu. Ungeniuliza mie kwanza."

"Ningekuuliza nini?"

"Tungeyamaliza sie wenyewe humu ndani."

Herieth aliweka chini alichokuwa ameshika. "Mzee, kwa nini?"

Akamweleza, bila kuzunguka. Tangu mwanzo wa mwaka alikuwa ameshika kazi nyingine ya mchana kwenye maabara ndogo ya Mbagala. Saa nane alitoka kwa mlango wa nyuma. Malaria, mkojo, wingi wa damu, hivyo alivisoma asubuhi vyote, kwa sababu mtu anaweza kufa navyo. Keioechi ilitaka muda. Kusubiri, kupasha moto, kulowesha, kisha kutafuta uzi mmoja kwenye slaidi nzima. Za mwanzoni, ambazo hakuzisoma, alizitupa. Hizi alizihifadhi kwa sababu alikuwa na nia ya kuzisoma baadaye, akipata nafasi.

"Fangasi haiui mtu, Herieth. We unajua hivyo."

"Na kikaoni? Uliposema sampuli zangu haba?"

Mzee alishusha macho. "We bado kijana. Barua moja haiwezi kukumaliza. Mie nimebakiza miaka mitatu nistaafu. Nikafikiri utalibeba tu, litapita."

"Nilimtoa mtu damu, Mzee. Kwa sababu uliniambia niingie ndani zaidi."

"Najua."

"Ulijua sampuli yake hukuifungua. Ya kwanza hukuifungua. Ya pili hukuifungua. Ukaniambia niingie ndani zaidi."

 Mzee akasema ameacha miwani yake ndani, akaenda kuichukua, na hawakuongea tena siku ile.

Wagonjwa kumi na nne waliitwa kwa simu, na wale wa zamani, ambao sampuli zao zilikwisha kutupwa, wakaitwa waje kupimwa upya. Wengine walikuja, wengine walisema hawana haja. Herieth aliomba kwenda kwa Najat mwenyewe. Alimkuta kibarazani kwake Mbagala, anakoroga hina kwenye bakuli kwa mkono wa kushoto. Ndani palikuwa na wasichana wawili aliowafundisha, wao ndio waliokuwa wanamchora mteja.

Herieth alimweleza yote. Alijitahidi kutomtetea mtu yeyote, hata yeye mwenyewe.

"Kwa hiyo ni fangasi," Najat alisema.

"Ni fangasi. Ina dawa. Ni vidonge vya wiki sita, lakini kwanza utapimwa ini. Halafu ukucha wenyewe utachukua kama miezi sita kukua mpya."

"Na yale mafuta niliyopaka?"

"Hayakuwa ya fangasi. Yaliizidisha."

Najat aliendelea kukoroga. "Mie nilikuwa nakuamini wewe. Huyo mzee simjui, sijawahi kumwona. Wewe ndiye uliyenishika mkono mara tatu ukaniambia nimepata."

"Nilikuwa nimepata kweli, dada."

"Sasa hayo nitayajuaje mie? Mie nilijua fomu ina jina lako." Akaweka bakuli chini. "Nimekusikia. Umefanya utu kuja hadi hapa. Lakini kupimwa nitaenda kwingine. Usinielewe vibaya."

Alimpa maji ya kunywa, akamsindikiza hadi barabarani kama mgeni yeyote. Herieth alisikia baadaye, kwa mmoja wa wale wasichana, kwamba Najat alipimwa hospitali nyingine, jibu likawa lilelile, akameza vidonge, na ilipofika Mfungo Sita wa mwaka uliofuata, mwezi wa Maulidi, kucha zake zilikuwa safi na maharusi wamerudi. Chang'ombe hakurudi.

Mzee Mwinshehe aliandika barua ya kuomba kuondoka, na uongozi ukaikubali haraka ili habari isitoke nje ya geti. Walimfanyia hafla ndogo ya soda na keki. Alisimama akawashukuru watu kwa majina, mapokezi, chanjo, hata fundi wa jenereta. Jina la Herieth hakulitaja. Watu kadhaa walimtazama kwa jicho la lawama, kwa sababu kwao yeye alikuwa binti aliyempeleka mzee wake kwa wakubwa, na mambo ya vikaratasi wengi hawakuyaelewa wala hawakutaka kuyaelewa. Barua yake ya kukumbushwa taratibu iliondolewa kwenye faili. Hakuna aliyesimama kwenye kikao kusema kwamba imeondolewa.

Mama yake bado huuliza kwenye simu habari za yule mzee. Herieth humwambia amestaafu, yuko salama.

Siku hizi ndiye anayesoma, na anayekwangua ni Benson, mwanamume mzoefu aliyetoka Dodoma. Kikaratasi kikija, Herieth hukikata utepe mbele ya Benson. Akishasoma slaidi, humwita naye atazame, na wote wawili hutia saini. Mwezi wa kwanza Benson alivumilia. Wa pili akauliza.

"Dada Herieth, huniamini?"

Alifikiri kumjibu kwamba ni utaratibu mpya tu wa kituo, jambo ambalo lilikuwa kweli, maana yeye ndiye aliyeuomba kwa Daktari Apolonia.

"Sijui," alimwambia. "Nilikuwaga naamini upesi. Nipe muda."

Benson akaitikia kwa kichwa, akavuta kiti, akainama kwenye hadubini kutazama pale alipoonyeshwa.